Nomino Ipi Ipande Kuwa Kiima? Mwongozo wa Kutendwa, Kutendewa na Kutendeka kwa Waandishi wa Mihtasari

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote, tangu nianze kuwasaidia waandishi wa mihtasari ya vyama vya msingi vya ushirika hapa Mtwara, ni hili: tuandike "Korosho zilipimiwa wakulima" au "Wakulima walipimiwa korosho"? Makatibu huliuliza msimu wa minada unapoanza, na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne huliuliza mitihani inapokaribia, kila mmoja akidhani kwamba tatizo hilo limempata yeye peke yake. Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, nami nimeona sasa niliandike jibu lake hatua kwa hatua, ili kila mwenye sentensi inayomtatiza aweze kuikagua mwenyewe.

Mwongozo huu unashughulikia hasa sentensi yenye nomino tatu, yaani anayetenda, anayetendewa na kinachotendwa, na unaonyesha ni nomino ipi inayoruhusiwa kupanda na kuwa kiima pale kitenzi kinapogeuzwa. Mwishoni nimegusa pia kauli ya kutendeka, pamoja na sentensi ambazo mahali ndipo panapokuwa kiima, kwa sababu wengi huzichanganya na kauli ya kutendwa.

Vitu vinavyohitajika kabla ya kuanza

Andaa sentensi yako halisi, ile inayokusumbua, wala usitumie ya kubuni ikiwa unayo ya kwako. Uwe na karatasi na penseli, kwa maana utaandika na kufuta. Uwe unazijua ngeli za nomino zilizomo katika sentensi hiyo, kwa kuwa kiambishi kinachokaa mwanzoni mwa kitenzi ndicho kitakachokuambia kiima ni kipi.

Nitatumia majina machache tu. Kiima ni nomino inayotawala kiambishi cha mwanzo cha kitenzi, kama *wa-* katika "walipima". Mtenda ni anayefanya tendo. Kitendwa ni kile kinachofikiwa na tendo moja kwa moja, ambacho vitabu vya shule hukiita yambwa tendwa au shamirisho kipozi. Mtendewa ni yule ambaye tendo limefanywa kwa ajili yake, au limemfikia kwa faida au kwa hasara, naye huitwa yambwa tendewa au shamirisho kitondo. Sentensi isiyokubalika katika Kiswahili sanifu nimeitia alama ya nyota mbele yake.

Neno moja kuhusu korosho: wafanyabiashara wa huku husema "korosho imepimwa", wakiihesabu kama mali moja, na wengine husema "korosho zimepimwa". Njia zote mbili zimezoeleka. Mimi nitatumia *zi-* ili kiambishi kionekane waziwazi.

Hatua ya 1: Irudishe sentensi katika kauli ya kutenda

Usianze kugeuza sentensi ambayo tayari imegeuka. Kwanza irudishe katika umbo ambalo mtenda ndiye kiima. Sentensi yetu ya kufanyia kazi itakuwa hii:

Karani aliwapimia wakulima korosho.

Chini ya kila nomino andika kazi yake. Karani ndiye aliyepima, kwa hiyo ni mtenda. Korosho ndizo zilizopandishwa kwenye mizani, kwa hiyo ni kitendwa. Wakulima ndio waliopimiwa, kwa hiyo ni watendewa. Angalia pia kitenzi: mzizi ni *pim-*, na mbele ya irabu ya mwisho kuna *-i-*, ambayo ndiyo alama ya kauli ya kutendea. Alama hiyo ndogo ndiyo iliyomruhusu mtendewa aingie katika sentensi bila kubebwa na "kwa" wala "kwa ajili ya". Ikiondolewa, nafasi ya wakulima inaondoka nayo, na hutaweza kusema "*Karani alipima wakulima korosho" ukiwa na maana ileile.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la kiambishi cha kati

Hii ndiyo hatua inayoamua mambo, kwa hiyo usiiruke hata kama unadhani jibu unalijua.

Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi kinachowakilisha yambwa, nayo iko kati ya alama ya wakati na mzizi. Katika "aliwapimia" nafasi hiyo imejazwa na *-wa-*, inayowakilisha wakulima. Jaribu sasa kuwaondoa wakulima katika nafasi hiyo na kuziweka korosho badala yao: "*Karani alizipimia wakulima korosho." Sikio linakataa. Jaribu kuviweka vyote viwili: "*Karani aliziwapimia korosho." Hapo linakataa zaidi.

Kanuni ya kufanyia kazi ni kwamba nomino inayoweza kushika kiambishi cha kati ndiyo inayoweza kupanda na kuwa kiima kitenzi kinapotiwa *-w-*, alama ya kauli ya kutendwa. Katika kauli ya kutendea yenye nomino mbili baada ya kitenzi, anayeshika nafasi hiyo ni mtendewa. Kwa hiyo wakulima wanapanda, na korosho zinabaki zilipo:

Wakulima walipimiwa korosho na karani.

\*Korosho zilipimiwa wakulima na karani.

Mtego mkubwa uko pale nomino zote mbili zinapokuwa za ngeli moja, kwa sababu hapo kiambishi hakikupi onyo. Katika "Mama alimpikia mgeni kuku", mgeni na kuku wote huchukua *-m-*, na mwandishi aliyechoka anaweza kuandika "*Kuku alipikiwa mgeni" bila kushtuka. Ukikutana na sentensi ya namna hiyo, badilisha kitendwa kwa muda, weka cha ngeli nyingine, kwa mfano ndizi. "Alimpikia mgeni ndizi" ni sawa, lakini "*alizipikia mgeni ndizi" si sawa, kwa hiyo *-m-* ilikuwa ya mgeni tangu mwanzo, na sentensi yako sahihi ni "Mgeni alipikiwa kuku".

Kitenzi *-pa* kinafuata kanuni hiyohiyo ingawa hakina alama ya kutendea inayoonekana. Tunasema "Aliwapa wakulima stakabadhi", kwa hiyo tunapata "Wakulima walipewa stakabadhi". Vivyo hivyo kauli ya kutendesha: "Msimamizi aliwabebesha vibarua magunia" hutupa "Vibarua walibebeshwa magunia", kwa kuwa anayebebeshwa ndiye mwenye kiambishi cha kati. Hapa tazama safari ya vibarua. Katika "Vibarua walibeba magunia" wao ndio kiima. Kauli ya kutendesha ikawashusha ili kumpisha msimamizi. Kisha *-w-* ikawarudisha juu. Wamerudi mahali pao pa kwanza, lakini sentensi sasa inasema kwamba kuna aliyewatwika mzigo.

Hatua ya 3: Chagua umbo sahihi la kitenzi

Kwa vitenzi vyenye konsonanti kabla ya irabu ya mwisho, kazi ni nyepesi, kwa sababu kutendwa na kutendewa havifanani: *pima* hutoa *pimwa*, na *pimia* hutoa *pimiwa*, *andika* hutoa *andikwa*, na *andikia* hutoa *andikiwa*.

Kazi ngumu iko kwenye vitenzi vinavyoishia na irabu mbili, na kwenye vingi vyenye asili ya Kiarabu. *Nunua* katika kutendwa ni *nunuliwa*. *Nunulia* katika kutendwa nayo ni *nunuliwa*. *Ondoa* na *ondolea* zote huishia *ondolewa*. *Fungua* na *fungulia* hukutana katika *funguliwa*. *Haribu* na *haribia* hukutana katika *haribiwa*. Umbo moja limebeba kauli mbili, na msomaji hana njia ya kujua umekusudia ipi isipokuwa kwa kuangalia kilichobaki baada ya kitenzi.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu sana. Ikiwa baada ya kitenzi cha umbo hilo kuna kitendwa kilichobaki, kiima ni mtendewa. Ikiwa hakuna kitu, kiima ndicho kilichotendwa. Linganisha:

Mkulima aliharibiwa shamba na ng'ombe.

Shamba liliharibiwa na ng'ombe.

\*Mkulima aliharibiwa na ng'ombe.

Sentensi ya tatu ina nyota kwa sababu haisemi ulichokusudia. Neno "shamba" limedondoka, na pamoja nalo limedondoka dai la fidia. Mfano wa mahakamani ni wa aina hiyohiyo: "Mtuhumiwa alifunguliwa mashtaka" ni kauli moja, na "Mtuhumiwa alifunguliwa" ni kauli nyingine kabisa, inayomfanya aonekane ameachiwa.

Hatua ya 4: Pandisha, badilisha kiambishi cha mwanzo, futa kiambishi cha kati

Andika nomino iliyofaulu jaribio mwanzoni. Badilisha kiambishi cha kiima kifuatane nayo. Kisha futa kiambishi cha kati kilichokuwa kinaiwakilisha, kwa sababu nomino hiyo sasa imehamia juu na haiwezi kukaa mahali pawili. Kosa ninaloliona kwa wanaoanza ni "*Wakulima waliwapimiwa korosho", ambapo *-wa-* ya pili imesahauliwa ndani ya kitenzi. Usijaze nafasi hiyo kwa kitendwa pia, kama "*Wakulima walizipimiwa". Ukitaka kuonyesha kwamba korosho zinajulikana, andika "korosho zile" au "korosho zao".

Hatua ya 5: Amua kuhusu mtenda

Mtenda aliyeshushwa huja baada ya "na", au huachwa kabisa. Chombo huja baada ya "kwa". Kwa hiyo tunaandika "Wakulima walipimiwa korosho na karani kwa mizani mpya", wala si "na mizani mpya", kwa sababu msomaji atadhani mizani ni mtenda wa pili pamoja na karani.

Kuna mahali ambapo kitu kisicho na uhai hupokea "na" kwa haki yake. "Mtoto alipigwa na nazi" hutuambia kwamba nazi ilianguka yenyewe kutoka mnazini. "Mtoto alipigwa kwa nazi" hutuambia kwamba kuna mtu aliyeishika akampiga nayo. Herufi hizo chache zinamtia mtu hatiani au zinamwondoa, kwa hiyo mwandishi wa taarifa ya ajali hana budi kuuliza kwanza jinsi tukio lilivyotokea.

Hatua ya 6: Ukitaka kitendwa kipande, iondoe kwanza kauli ya kutendea

Mara nyingi katibu hukataa kuacha korosho nyuma, na ana sababu njema: aya yake yote inahusu korosho, si wakulima. Njia ipo. Rudi kwenye kitenzi kisicho na *-i-* ya kutendea, ambapo korosho ndizo yambwa pekee, halafu uigeuze hiyo: "Karani alipima korosho" hutoa "Korosho zilipimwa na karani". Wakulima wakihitajika, wabebe kwa kimilikishi, "Korosho za wakulima zilipimwa na karani". Kwa *-pa* tumia *toa*: "Stakabadhi zilitolewa kwa wakulima."

Mtendewa si lazima awe mtu. Juni na Julai, wakati wa kupambana na ugonjwa wa ubwiri unga, tunasikia "Wakulima walipulizia mikorosho salfa". Jaribio la kiambishi linatupa "waliipulizia salfa", ambapo *-i-* ni ya mikorosho, kwa hiyo inayopanda ni mikorosho: "Mikorosho ilipuliziwa salfa." Ukitaka salfa ipande, ondoa *-i-* ya kutendea na uipe mikorosho alama ya mahali: "Salfa ilipulizwa mikoroshoni." Sentensi hizi mbili hazina uzito mmoja. Ya kwanza humfanya msomaji aelewe kwamba mikorosho inayozungumziwa imepata dawa. Ya pili inasema tu kwamba dawa ilitumika shambani, na haiahidi kwamba kila mti ulifikiwa. Bwana shamba anayekagua mashamba ataisoma tofauti hiyo hata kama mwandishi hakuikusudia.

Hatua ya 7: Jiulize kama ulitaka kutendwa au kutendeka

"Ghala lilifunguliwa" na "Ghala lilifunguka" zote zinalipandisha ghala kuwa kiima, ndiyo maana watu huzibadilishana. Lakini kutendwa humshusha mtenda, naye bado yupo nyuma ya sentensi hata asipotajwa. Kutendeka humwondoa moja kwa moja. Jaribu kuongeza "na mlinzi": "Ghala lilifunguliwa na mlinzi" inakubalika, "*Ghala lilifunguka na mlinzi" haikubaliki. Jaribu tena kuongeza "kwa makusudi", nawe utaona kwamba kutendwa kunaipokea na kutendeka kunaikataa, kwa kuwa makusudi yanahitaji mwenye kukusudia.

Kitenzi *onekana* kinasimama pekee kidogo, kwa maana "Alionekana na mlinzi" husemwa na kuandikwa bila pingamizi. Usikifanye kuwa kipimo cha vingine.

Kutendeka kuna maana ya pili, ya uwezekano: "Barabara inapitika" haisemi kwamba kuna gari lililopita, inasema kwamba gari linaweza kupita. Wakati uliopo ndio huleta maana hii mara nyingi zaidi.

Tena, kauli ya kutendeka haimpandishi mtendewa. Huwezi kusema "*Wakulima walipimika korosho". Humpandisha hata hivyo mwenye kiungo cha mwili, kama katika "Kibarua alivunjika mguu", ambapo mguu umevunjika lakini kibarua ndiye kiima. Unaweza pia kuandika "Mguu wa kibarua ulivunjika". Mimi huchagua ya kwanza ninapozungumza habari za mtu, na ya pili ninapoandika maelezo ya jeraha.

Hatua ya 8: Tambua mahali palipokuwa kiima bila -w-

Ukikaa ufukweni Mikindani au Lindi utasikia habari moja ikisemwa kwa njia nne:

Maji yameingia mtumbwini.

Mtumbwini mmeingia maji.

Mtumbwi umeingia maji.

Mtumbwi umeingiwa na maji.

Fuata viambishi vya mwanzo na utaona kiima kikihama: *ya-* ya maji, *m-* ya ndani ya mtumbwi, *u-* ya mtumbwi wenyewe, na *u-* tena. Ni sentensi ya nne peke yake iliyo na *-w-*. Katika ya pili na ya tatu kitenzi kimebaki katika kauli ya kutenda, ilhali nomino ya mahali imepanda na maji yameshuka nyuma ya kitenzi.

Maji hayo yaliyoshuka si yambwa, ingawa yamekaa mahali pa yambwa. Yape kiambishi cha kati uone: "Mtumbwi umeyaingia maji" haimaanishi tena kwamba mtumbwi unavuja, inamaanisha kwamba umeshuka majini. Kwa hiyo usijaribu kuigeuza sentensi ya tatu iwe ya kutendwa kwa kuanzia na maji. Irudishe kwanza iwe "Maji yameingia mtumbwini", kisha uamue.

Mfano uliofanyiwa kazi

Nimetunga aya hii kwa kukusanya makosa ninayoyakuta mara kwa mara katika rasimu za mihtasari, hasa tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007 na kuongeza kazi ya kuandika kwa kila chama:

"Wakulima 62 walifika ghalani. Korosho zilipimiwa wakulima na karani na mizani mpya. Stakabadhi zilipewa wakulima. Saa kumi jioni ghala lilifunguka na mlinzi kwa ajili ya ukaguzi. Wajumbe walinunuliwa na mweka hazina."

Sentensi ya pili ina makosa mawili. Irudishe katika kutenda: "Karani aliwapimia wakulima korosho kwa mizani mpya." Kiambishi cha kati ni cha wakulima, kwa hiyo wao ndio wanaopanda, na mizani inapata "kwa". Sentensi ya tatu inarudi kuwa "Aliwapa wakulima stakabadhi", na wakulima wanapanda tena. Sasa angalia faida iliyojitokeza: sentensi tatu za mwanzo zote zina kiima kimoja, kwa hiyo zinaweza kuunganishwa bila kukitaja upya:

"Wakulima 62 walifika ghalani, wakapimiwa korosho zao na karani kwa mizani mpya, kisha wakapewa stakabadhi."

Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua kauli moja badala ya nyingine. Tunampandisha yule ambaye habari tayari inamhusu, ili msomaji asirukaruke kutoka nomino moja hadi nyingine. Kama aya ingekuwa ya hesabu ya mzigo, ningeandika kinyume chake: "Korosho zilipokelewa, zikapimwa kwa mizani mpya, zikahifadhiwa ghalani."

Sentensi ya nne inahitaji "lilifunguliwa na mlinzi", kwa kuwa mlinzi ametajwa, na ukaguzi una makusudi.

Sentensi ya tano ndiyo ya hatari. Katibu alikusudia kusema kwamba mweka hazina aliwanunulia wajumbe chai. Kwa kuwa *nunua* na *nunulia* hukutana katika *nunuliwa*, na kwa kuwa neno "chai" limeachwa, sentensi sasa inasema kwamba wajumbe wenyewe ndio walionunuliwa, yaani walihongwa. Muhtasari husainiwa na kuhifadhiwa, na mtu atakayeusoma baada ya miaka mitano hatampata aliyekunywa chai hiyo amweleze. Andika "Wajumbe walinunuliwa chai na mweka hazina", au, ambalo ni salama zaidi, liache kabisa umbo lenye utata na uandike "Mweka hazina aliwanunulia wajumbe chai".

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Kitenzi changu kinasikika sawa katika maumbo yote mawili.* Huenda ni *iba*. Katika Kiswahili cha uangalifu, "Korosho zimeibwa" ni kutendwa kwa *iba*, na "Mkulima ameibiwa korosho" ni kutendwa kwa *ibia*. Watu wengi husema "korosho zimeibiwa", nawe utaelewa bila shida, lakini katika maandishi nakushauri uyatenge, kwa sababu Kiswahili kimekupa maumbo mawili yaliyo wazi na si kila kitenzi kina bahati hiyo.

*Sentensi haina mtenda ninayeweza kumrudisha.* Ukisoma "Amefiwa na baba yake", usimtafute muuaji. *Fiwa* inatokana na *fia*, na aliyekufa ni baba. Mtoto amepanda kwa kuwa yeye ndiye msiba umemfikia. Ndivyo ilivyo "Aliingiwa na hofu". Vitenzi visivyo na kitendwa navyo huweza kumpandisha aliyeathirika.

*Nimesikia watu wakisema "Zawadi zilipewa washindi".* Ni kweli husemwa, hata redioni, kwa kuwa hakuna anayeweza kudhani kwamba zawadi ndizo zilizopokea washindi. Pale ambapo nomino zote mbili ni za watu, kinga hiyo haipo. "Kijana alipewa mzee amtunze" inaeleweka kwa namna moja tu kwa anayefuata kanuni, yaani kijana ndiye aliyepokea. Kwa asiyeifuata inaweza kueleweka kinyume. Ndiyo sababu naishika kanuni hata pale ambapo hakuna hatari.

*Lugha yangu ya nyumbani inaruhusu nomino zote mbili kupanda.* Inawezekana, kwa sababu lugha za Kibantu hazikubaliani katika jambo hili. Kivunjo, ambacho ni mojawapo ya lugha za Wachaga, kinaruhusu mtendewa au kitendwa kupanda, ilhali Kichewa kinashika njia ya Kiswahili sanifu. Ukiwa Mmakonde, Mmwera, Myao au Mmakua, lifanye jaribio la Hatua ya 2 katika lugha yako pamoja na wazee wanaoizungumza vizuri, uandike majibu pembeni, ili ujue ni wapi mazoea ya nyumbani yanaweza kuingia katika Kiswahili chako bila wewe kutambua.

*Nomino iliyo mwanzoni hailingani na kiambishi cha kitenzi.* Katika "Korosho, wakulima walipimiwa Jumatatu", korosho zimetangulizwa ili zisisitizwe, lakini hazijapanda; *wa-* inakuambia kwamba kiima ni wakulima. Kukaa mwanzoni hakuifanyi nomino kuwa kiima. Hilo ni kweli pia katika urejeshi: "korosho walizopimiwa wakulima" ni sahihi kabisa, kwa sababu *-zo-* imezirejelea korosho bila kuzipa nafasi ya kiima. Rudi kwenye maneno ya kwanza kabisa ya mwongozo huu, "Swali ninaloletewa". Swali limetangulia, limepata *-lo-* yake ndani ya kitenzi, lakini kiambishi cha mwanzo ni *ni-*, kwa kuwa mimi ndiye niliyeletewa.